Rendi ndefu inapepesa, ina chenga au inakatika njiani: jinsi ya kupata chanzo

Malalamiko yanayorudi kila mara ni haya. Fremu moja moja ukiitazama ni safi, lakini ukizichezesha mfululizo ukuta unachemka. Au chenga zimeganda kwenye skrini huku picha ikipita nyuma yake. Au umeiacha kompyuta ikirenda usiku kucha, na asubuhi unakuta programu imejifunga kwenye fremu ya 340. Jibu linalotolewa haraka kwa yote matatu ni "ongeza sampuli". Mara nyingi jibu hilo haligusi chanzo, linakuongezea saa tu.

Nitatumia Blender na injini yake ya Cycles, na majina ya vitufe nitayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini. Mfano wetu ni tukio la dakika moja: kamera inapita polepole ndani ya chumba kinachopata mwanga kutoka dirisha moja, fremu 25 kwa sekunde, jumla fremu 1,500. Kila fremu inachukua sekunde 90, kwa hiyo kazi nzima ni saa 37 na nusu. Ili chenga zipungue kwa nusu unahitaji sampuli mara nne, na hapo muda unakaribia saa 150. Ndiyo maana inalipa kutumia nusu saa kutafuta chanzo kwanza.

## Kwanza: kasoro iko kwenye fremu au kwenye mfululizo?

Kama unarenda moja kwa moja kwenda kwenye faili la video, acha. Programu ikijifunga kwenye fremu ya 1,400, faili hilo huenda lisifunguke kabisa. Renda picha moja moja: PNG kwa majaribio, OpenEXR kwa kazi yenyewe. Video utaiunganisha mwishoni, kazi ya dakika chache.

Sasa chukua fremu yenye kasoro uirende peke yake, bila kufungua dirisha la programu:

```
blender -b chumba.blend -o //jaribio_#### -f 340
```

Linganisha na ile iliyotoka kwenye mfululizo. Kasoro ikijirudia vilevile, chanzo kimo ndani ya tukio lenyewe kwa wakati huo: mwanga, umbo au tekscha. Ikitoka picha tofauti, kuna kitu kinachotegemea fremu zilizotangulia, na mshukiwa wa kwanza ni simulesheni ambayo hesabu zake hazijahifadhiwa. Na kama fremu iliyokuwa ikiangusha rendi sasa inatoka bila shida, basi tatizo ni la kulimbikizana: memori inayojaa kidogo kidogo, au joto.

Kwa kupepesa, kuna kipimo cha pili ninachokipenda kwa sababu kinaondoa ubishi. Kinatoa kila fremu kwenye ile iliyoitangulia na kukuonyesha tofauti peke yake:

```
ffmpeg -framerate 25 -i fr_%04d.png \
  -vf format=gbrp,tblend=all_mode=difference \
  -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p tofauti.mp4
```

Palipo peusi hapajabadilika. Kamera ikitembea utaona kingo za vitu ziking'aa, hilo ni la kawaida. Unachotafuta ni mabaka yanayowaka katikati ya ukuta mtupu, mahali ambapo hapakupaswa kubadilika chochote.

## Dalili: mabaka yanachemka kwenye kuta na pembe zenye giza

Hii ndiyo kesi ninayoiona kuliko zote, na chanzo chake cha kwanza ni kisafisha chenga. Kazi yake ni kukisia rangi iliyo chini ya chenga, na hukisia fremu moja kwa wakati bila kujua alichokisia kwenye fremu iliyopita. Pale penye sampuli za kutosha makisio yanafanana. Kwenye pembe nyuma ya kabati, ambako mwanga unafika baada ya kudunda mara tatu nne, kila fremu inapata makisio yake. Ukitazama fremu moja huwezi kuligundua hilo, kwa sababu kila kisio ni laini na la kuaminika.

Hakikisha hivi: zima `Denoise`, renda fremu tatu zinazofuatana, kisha kuza pembe ileile kwenye zote.

```
blender -b chumba.blend -o //ghafi_#### -f 600..602
```

Kama chenga ghafi ni nzito kiasi kwamba huoni hata mchoro wa ukuta, kisafishaji hakina cha kushika. Anza na mwanga wenyewe kabla ya kugusa namba. Kwenye chumba chetu mwanga unatoka kwa `World`, yaani anga lote, na sehemu kubwa ya miale inapotea kwenye kuta za nje. Weka `Area Light` yenye ukubwa wa dirisha, kwenye uwazi wa dirisha, ikitazama ndani, kisha washa `Portal`. Taa hiyo haiongezi mwanga wowote. Inaielekeza injini mahali pa kuutafuta mwanga wa anga.

Kisha tazama `Noise Threshold`. Thamani yake ya kawaida kwenye rendi ya mwisho ni 0.01. Wengi huipandisha hadi 0.1 ili wamalize mapema, na kwa picha moja hawaoni tofauti. Kwenye mfululizo, hapo ndipo mabaka yanapozaliwa, irudishe 0.02 au chini yake. Jambo lisilotazamwa ni `Min Samples`. Pikseli ya gizani inaweza kupata sampuli chache zote nyeusi, injini ikadhani imeshamaliza kazi na kuiacha. Ukiweka kima cha chini, kwa mfano 128, unailazimisha ichunguze zaidi kabla ya kukata tamaa.

Mwishowe kagua kisafishaji chenyewe: `Passes` iwe `Albedo and Normal` na `Prefilter` iwe `Accurate`. Hizo humpa mchoro wa nyuso za vitu ili asichanganye chenga na tekscha.

Kwenye chumba chetu, dirisha lenye `Portal` pamoja na `Min Samples` 128 vinapandisha fremu kutoka sekunde 90 hadi 115. Kazi nzima inakuwa karibu saa 48. Si haba, lakini iko mbali sana na 150, na pembe inatulia.

Kama bado inachemka kidogo, kuna usafishaji unaotazama fremu za jirani pia. Unahitaji kadi ya NVIDIA yenye uwezo wa OptiX, mafaili ya OpenEXR MultiLayer, na tabaka za `Vector` na `Denoising Data` zilizowashwa kabla ya kurenda. Zingatia kwamba Cycles haitoi `Vector` ikiwa `Motion Blur` imewashwa, kwa hiyo lazima uchague kimoja. Mfululizo ukiwa umekamilika, fungua `Python Console` uandike:

```
bpy.ops.cycles.denoise_animation(output_filepath="//safi/fr_####")
```

Amri hii inasoma njia ya kutolea picha iliyo kwenye faili lako, na fremu zote lazima ziwepo. Usiache `output_filepath` tupu: bila hiyo itaandika juu ya mafaili yako ya asili.

Hata usipotumia njia hii, bado nashauri kuwasha `Denoising Data` kwenye kila kazi ndefu na kuhifadhi picha ghafi. Usafishaji ukitoka vibaya unarudia usafishaji tu kwa node ya `Denoise`, badala ya kurenda upya kwa siku mbili.

## Dalili: chenga zimeganda kwenye skrini

Kamera inatembea lakini chenga zimebaki palepale, kama vumbi kwenye kioo cha dirisha. Chanzo ni karibu kila mara kimoja: `Seed` ni namba ileile kwa fremu zote, kwa hiyo kila fremu inapata mpangilio uleule wa chenga. Bonyeza alama ya saa pembeni ya `Seed` ili ibadilike kila fremu.

Wapo wanaoigandisha makusudi ili kisafishaji kitoe makisio yanayofanana. Kama kamera na vitu vimetulia kabisa, ujanja huo unafanya kazi. Kamera ikisogea tu, mabaka yanaanza kuteleza juu ya kuta, na hilo kwangu ni baya kuliko kupepesa kwenyewe.

## Dalili: nukta nyeupe zinazowaka na kuzimika

Nukta moja moja kali, kila fremu mahali tofauti, kwa kawaida karibu na kioo, chuma kinachong'aa au taa ndogo yenye nguvu. Mwale mmoja kati ya maelfu umeigonga taa kwa njia isiyo ya kawaida na kurudi na thamani kubwa kupindukia.

Zima kwanza `Reflective` na `Refractive` chini ya `Caustics`, kama tukio halizihitaji. Ikiwa nukta zimebaki, punguza `Clamp Indirect` kutoka 10 ya kawaida hadi 5, kisha 3. Kila hatua inakula pia mwanga halali uliodunda, kwa hiyo weka picha ya kabla na ya baada pamoja utazame kama chumba kimefifia. Na ukishachagua thamani, renda fremu zote kwa thamani hiyo. Nusu ya mfululizo ikiwa na 10 na nusu nyingine 3, utakuwa umetengeneza mruko wa mwanga kwa mkono wako mwenyewe.

## Dalili: majani, mawe au nywele zinaruka

Hapa hakuna chenga wala mwanga wa kulaumu. Vitu vyenyewe vinahama. Chanzo cha kwanza ni simulesheni isiyohifadhiwa. Nguo, moshi au chembe zikihesabiwa papo kwa papo, fremu ya 700 itakuwa sahihi endapo tu zile 699 zimetangulia. Rendi ikikatika ukaanzia katikati, au ukagawa kazi kwa kompyuta mbili, kila upande unapata matokeo yake. Bonyeza `Bake` kabla ya kurenda, na hakikisha folda ya hesabu hizo inasafiri pamoja na faili.

Chanzo cha pili ni vitu vilivyotawanywa kwa Geometry Nodes juu ya umbo linalojikunja. `Distribute Points on Faces` inategemea eneo la nyuso. Uso ukinyooka, eneo linaongezeka, idadi ya pointi inabadilika na majani yanagawanywa upya. Tawanya kwenye umbo likiwa bado halijakunjwa, kisha zisogeze pointi zifuate umbo lililokunjwa.

Kama kinachopepesa ni mistari inayokatakata juu ya uso bapa, na inabadilika pembe ya kamera inapobadilika, tafuta nyuso mbili zilizolala mahali pamoja. Mara nyingi ni nakala ya kitu iliyosahaulika juu ya kile cha asili. Futa mojawapo au isogeze kidogo. Tatizo kama hilo hutokea pia tukio likiwa limejengwa kilomita nyingi kutoka katikati ya dunia ya programu, kwa sababu namba zinapoteza usahihi huko mbali. Lirudishe lote karibu na sifuri.

## Dalili: programu inajifunga katikati ya kazi

Rudi kwenye kile kipimo cha `-f 340`.

Ikijifunga hata peke yake, fremu hiyo inadai memori kuliko iliyopo. Kwenye kadi ya picha kwa kawaida utaona ujumbe wenye maneno `out of GPU memory`. Kwenye Linux, mfumo ukiiua programu kwa kukosa memori kuu, hii itakuonyesha:

```
sudo dmesg | grep -i "killed process"
```

Kwenye chumba chetu, fremu ya 340 ndipo kamera inaposhuka karibu na zulia. Zulia limepewa `Adaptive Subdivision`, ambayo inaligawanya kulingana na ukubwa wake kwenye picha: kamera ikikaribia, vipande vinaongezeka. Fremu ya 300 ilipita bila shida, fremu ya 340 inahitaji vipande mara nyingi zaidi. Pandisha `Dicing Rate` ya rendi kutoka pikseli 1 hadi 2 na vipande vinashuka hadi karibu robo. Kama zulia lilikuwa pia linatetema kadiri kamera inavyosogea, weka kamera iliyotulia kwenye `Dicing Camera`. Mgawanyo utabaki uleule kwa fremu zote.

Tekscha ndizo mshukiwa wa pili, au wa kwanza kama huna mgawanyo wa namna hiyo. Picha ya 4096 kwa 4096 ikishafunguliwa kwenye memori inachukua MB 64, hata kama faili lake la JPG lina MB 3. Ya 8192 ni MB 256. Ishirini za namna hiyo ni GB 5, na huenda nusu yake ziko kwenye vitu vinavyoonekana kwa ukubwa wa kidole. Washa `Simplify`, weka `Texture Limit` ya rendi iwe 2048, jaribu tena fremu ileile. Ikipita, umemjua mkosaji, na sasa unaweza kupunguza zile za mbali tu badala ya zote.

Ikipita vizuri peke yake, kitu kinalimbikizwa. Zima kwanza `Persistent Data`. Kitufe hicho kinaharakisha kazi kwa kutunza data kati ya fremu na fremu, na bei yake ni memori. Kama haikutosha, renda kwa mafungu ili programu ifungwe na kufunguliwa upya kila fremu 50:

```
for a in $(seq 1 50 1500); do
  blender -b chumba.blend -s $a -e $((a+49)) -a
done
```

Mpangilio una maana: `-s` na `-e` lazima zitangulie `-a`, la sivyo Blender inaanza kurenda kabla ya kuzisoma. Zima pia `Overwrite`, ili ukirudia amri iruke fremu zilizokwisha na kuanzia ilipokatikia.

Hapo kuna mtego. Ukiwa umewasha `Placeholders`, Blender huunda faili tupu kabla ya kuanza kila fremu. Ikijifunga, faili hilo lenye baiti sifuri linabaki, na ukirudia rendi linahesabiwa kuwa fremu iliyokamilika. Matokeo yake ni fremu inayokosekana ambayo huioni mpaka unaunganisha video. Kabla ya kuendelea, zifute. Hakikisha kwanza hakuna kompyuta nyingine inayorenda kwenye folda hiyo:

```
find . -name "fr_*" -size 0 -delete
```

Kwenye Windows kuna sababu nyingine. Kadi ya picha ikikaa sekunde 2 bila kuitikia, mfumo unaiwasha upya draiva yake na rendi inakufa. Fungua `Event Viewer` utafute tukio namba 4101. Likiwepo, funga kwanza kila kinachotumia kadi hiyo, hasa kivinjari, na usasishe draiva. Kuongeza muda huo kwa `TdrDelay` kwenye rejista kunawezekana, lakini ni hatua ya mwisho: hifadhi nakala ya rejista kwanza, na kama hujawahi kuigusa mwombe anayeijua.

## Dalili: kompyuta yenyewe inazima

Programu kujifunga ni jambo moja, kompyuta nzima kuzimika ghafla ni jingine. `Event Viewer` ikionyesha `Kernel-Power` 41 bila kosa lingine kabla yake, mashine ilikata umeme au iliganda, na hakuna kitufe ndani ya Blender kitakachorekebisha hilo.

Unachoweza kufanya kwa usalama ni kusafisha vumbi kompyuta ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, kuhakikisha feni zote zinazunguka, na kuandika kumbukumbu wakati wa rendi:

```
nvidia-smi --query-gpu=timestamp,temperature.gpu,memory.used,power.draw --format=csv -l 5 > kadi.csv
```

Baada ya kuzima, soma mistari ya mwisho. Joto lililopanda hatua kwa hatua mpaka dakika ya mwisho linaelekeza kwenye upoozaji. Joto la kawaida, kisha kimya ghafla wakati kadi inavuta umeme mwingi, linaelekeza kwenye kisanduku cha umeme cha kompyuta, yaani power supply.

Acha kurenda na uite fundi ukiona mojawapo ya haya: harufu ya kuungua, plagi ya umeme ya kadi iliyobadilika rangi au kulainika, kuzimika kunakojirudia hata baada ya kusafisha, au michirizi ya rangi kwenye skrini wakati hata hurendi. Kisanduku cha umeme usikifungue kamwe. Ndani yake kuna kapasita zinazobaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Mashine ikiwa bado na dhamana, usifungue hata kadi ya picha. Mpelekee fundi lile faili la `kadi.csv` pamoja na saa kamili ambayo mashine ilizima, maana kwenye meza yake, bila mzigo wa rendi, inaweza kuwaka siku nzima bila tatizo lolote.